Orodha ya Ploti

Umoja ilipojengwa katika miaka ya 1970 kwa fedha za msaada kutoka Marekani, ilikuwa mtaa wa nyumba ndogo zenye nyua zake. Leo sehemu kubwa ya mtaa huo, sawa na Kayole, Pipeline na Tassia, ni majengo ya ghorofa tano, sita au saba yaliyobanana ukuta kwa ukuta. Katika ploti moja huishi jamaa arubaini au zaidi, na wote wanategemea tangi moja, geti moja na keateka mmoja. Maji ya Nairobi Water huja kwa zamu. Gari la taka lina siku yake. Pampu ikizimika usiku, wapangaji wanapaswa kujua mapema ili alfajiri wamwahi mwenye mkokoteni wa mitungi.

Hakuna keateka anayeweza kupanda ngazi na kubisha kila mlango kila tangi linapokauka. Ndiyo maana ploti ina grupu ya WhatsApp. Mpangaji mpya huulizwa namba yake siku anayolipa kodi na deposti, na kabla godoro halijafika ghorofani tayari ameongezwa. Hakuna anayemuuliza kama anataka. Hakuna anayemweleza ni nani wengine walio ndani. Sura hii inahusu kitendo hicho kidogo: namba inayotolewa kwa mtu mmoja kwa ajili ya maji na kodi inafika kwa watu sabini, kisha inaweza kufika popote.

Namba inasema nini

Katika grupu ya kawaida ya WhatsApp, admini si mtu pekee anayeona namba. Kila mwanachama anaona namba za wanachama wote, na grupu moja inaweza kubeba hadi watu 1,024. Kinachomtofautisha admini ni mamlaka ya mlango. Yeye huamua nani aingie, nani atolewe, na linki ya kujiunga ibandikwe wapi. Isipokuwa amebadilisha mipangilio, wanachama wa kawaida nao wanaweza kuongeza watu. Kwa hivyo swali la nani anaona namba yangu huishia kwenye swali jingine: nani anaruhusiwa kumwingiza mtu mwingine?

Nchini Kenya swali hilo lina uzito kwa sababu namba ya simu hubeba mengi. Laini husajiliwa kwa kitambulisho. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, namba hiyohiyo imekuwa akaunti ya fedha, na mtu anayejaribu kukutumia pesa huonyeshwa jina lako kabla hajathibitisha. Mgeni akiwa na namba yako, ana jina lako pia, wala hahitaji ujuzi wowote kulipata.

Sasa iweke namba hiyo ndani ya grupu. Jina la grupu lenyewe hutaja jengo na mtaa. Mazungumzo yanataja nambari ya nyumba: D4 haina maji, B2 wamewasha muziki usiku. Mara nyingi mwishoni mwa mwezi ajenti hubandika orodha ya waliochelewesha kodi, nyumba kwa nyumba, na kiasi kinachodaiwa. Watu nao husambaza ujumbe wa M-Pesa mzima kuthibitisha kwamba wamechanga pesa za soja, na ujumbe huo una jina, tarehe, saa, hata salio kama hawakulifuta. Ukiyakusanya yote, mwanachama yeyote aliyekaa kimya anajua jina lako, simu yako, mlango wako na hali ya mfuko wako.

Yapo madhara ambayo kila mkaazi wa mitaa hii anayafahamu. Mwanamke hupokea ujumbe usiku kutoka kwa mwanamume ambaye hajawahi kumpa namba. Tapeli huiteka akaunti ya mmoja kwa kumlaghai atoe msimbo wa tarakimu sita, kisha huwaomba majirani wote pesa kwa jina lake. Lipo pia dhara lisilotajwa sana. Mwanamke amehama Dandora akaja Umoja kumkimbia mume mpigaji. Hakubadilisha namba, kwa sababu ndiyo anayopokelea mshahara, ndiyo iliyo shuleni kwa watoto na ndiyo inayofungua huduma za serikali mtandaoni. Mwanachama mmoja wa grupu akiwa anafahamiana na mume huyo, jina la grupu na namba yake vinatosha kumwelekeza hadi getini.

Ridhaa ya kitu gani?

Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inamlinda kila mtu dhidi ya habari za familia yake au za maisha yake binafsi kudaiwa au kufichuliwa pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iliipa haki hiyo meno, na Novemba 2020 Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data. Ofisi yake ndiyo hupokea malalamiko.

Watu wengi wakisikia sheria hii hudhani kwamba keateka anahitaji ridhaa yako ili awe na namba yako. Sivyo. Kifungu cha 30 kinataja misingi kadhaa inayoruhusu data ya mtu kutumiwa, na ridhaa ni mmojawapo tu. Umepanga nyumba, na mwenye nyumba anahitaji njia ya kukufikia kuhusu kodi, maji na ukarabati. Mkataba wenyewe unatosha kuwa msingi. Na ni afadhali hivyo, maana ridhaa ya mpangaji kwa jambo hili isingekuwa na maana. Mtu aliyekwisha lipa deposti na anayehitaji kujua maji yatakuja lini hawezi kusema hapana. Ridhaa isiyoweza kukataliwa si ridhaa, na sheria inataka iwe ya hiari, mahususi, yenye ufahamu, na itolewe kwa tamko au kitendo kilicho wazi.

Mkataba unamruhusu keateka akufikie wewe. Haumpi ruhusa ya kuwaonyesha namba yako majirani arubaini na saba, fundi wa mabomba na wapangaji waliohama. Hayo hayahitajiki ili ujue kwamba pampu imeharibika. Hapo ndipo ridhaa inapoanza kudaiwa, na Kifungu cha 32 kinaweka mzigo wa kuithibitisha kwa yule anayeitumia data. Mpangaji hatakiwi kuonyesha kwamba alikataa. Mwenye orodha ndiye atakayeonyesha kwamba mpangaji alikubali, kwa jambo lipi, na lini. Ridhaa hiyo inaweza pia kuondolewa wakati wowote.

Kipo kifungu kinachowachanganya wengi. Sheria haimgusi mtu binafsi anayetumia data kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani pekee. Grupu ya ndugu, ya marafiki waliosoma pamoja au ya shangazi na wapwa zake inakaa humo. Grupu ya ploti inayoendeshwa na ajenti au keateka kwa niaba ya mwenye nyumba haiko humo, kwa kuwa ni kazi ya biashara ya kupangisha. Kanuni za usajili zilizoanza kutumika Julai 2022 ziliwasamehe wafanyabiashara wadogo wengi wajibu wa kujisajili kwa Kamishna, ila zikataja shughuli ambazo hazipati msamaha huo hata biashara ikiwa ndogo. Usimamizi wa nyumba ni mojawapo. Kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa kwa wapiga kura ni nyingine. Shughuli hizo mbili hukutana katika kisa kinachofuata.

Kisa cha milango 48

Nitatumia ploti ya kubuni, ila kila sehemu yake ni jambo la kawaida katika mitaa hii. Ina ghorofa sita na nyumba nane kila ghorofa, yaani milango 48. Grupu yake ina watu 71. Arubaini na wanane ni wapangaji, mmoja kwa kila mlango. Kumi na wanne walihama na hawakutolewa. Tisa waliobaki ni keateka, fundi wa mabomba, fundi wa stima, mtoto wa mwenye ploti, ajenti, kijana wa intaneti, soja wa zamani, mwenye gari la taka na mama anayeleta maziwa. Karibu thuluthi moja ya wanaosoma kila tangazo, na wanaoona kila namba, hawaishi hapo. Maadmini ni watatu: keateka, ajenti, na mpangaji aliyehama miaka miwili iliyopita, ambaye hakuna aliyekumbuka kumvua cheo.

Wakenya watapiga kura Agosti 2027. Kijana anayempigia debe mwaniaji wa kiti cha mwakilishi wadi anamwendea keateka getini. Haombi orodha. Anasema, “Boss, niongeze tu kwa grupu ya ploti niwasalimie watu.” Keateka anamwongeza. Hakuna faili lililotumwa wala karatasi iliyopigwa chapa, na keateka anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba hajampa mtu namba. Lakini sekunde hiyohiyo kijana ana namba 71 kwenye skrini, chini ya jina la jengo. Akifungua WhatsApp kwenye kompyuta anaweza kuzinakili zote. Akitoka kesho yake, namba anaondoka nazo.

Hili ndilo jambo ambalo maadmini wengi hawajalitambua. Kumwongeza mtu kwenye grupu ya kawaida ni sawa na kumkabidhi orodha nzima. Kubandika linki ya kujiunga ukutani pa duka ni kumkabidhi kila mpita njia. Ipo pia `Export chat`, inayotoa mazungumzo yote kama maandishi, pamoja na namba za watu waliozungumza ambao hawajahifadhiwa kwenye simu ya mtoaji. Ila mtu mwenye nia hahitaji kufika huko. Kuingia mlangoni kunamtosha.

Wiki moja baadaye wapangaji wanaanza kupokea SMS za kampeni. Tupime kila mmoja alifanya nini. Wapangaji walitoa namba kwa ajili ya mambo ya nyumba. Ajenti, kwa niaba ya mwenye ploti, ndiye aliyeamua zikusanywe kwa sababu gani na zitumiwe vipi, kwa hivyo machoni pa sheria yeye na mwenye ploti ndio wadhibiti wa data, na keateka ni mkono wao. Kifungu cha 72 kinasema kwamba mdhibiti anayefichua data kwa namna isiyopatana na sababu iliyofanya ikusanywe, bila udhuru wa kisheria, anatenda kosa. Kuuza data iliyopatikana hivyo ni kosa pia. Adhabu ya jumla iliyo katika Kifungu cha 73 inafika faini ya shilingi milioni 3, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Maji na kura ni mambo mawili tofauti, na hakuna njia ya kueleza kwamba namba iliyotolewa kwa ajili ya la kwanza ilitolewa pia kwa ajili ya la pili.

Je, kama keateka angeuliza kwanza? Tuseme ameandika kwenye grupu, “Kuna mheshimiwa anataka tuwe naye humu, kama kuna anayepinga aseme.” Kimya cha watu 70 hakimwokoi, maana sheria inadai kitendo kilicho wazi. Isitoshe, kupinga hadharani kuna gharama: atakayesema hapana anaonekana na majirani wote, na anayemuuliza ndiye mwenye funguo za maji. Hata kura ya ndani ya WhatsApp haisaidii, kwa kuwa inaonyesha nani alichagua nini. Swali la ridhaa huulizwa faraghani, mtu mmoja mmoja, na anayekataa abaki akipata habari za maji kama kawaida.

Wakenya wamekwisha kuona ridhaa ya kisiasa ikichukuliwa bila kuombwa. Juni 2021, tovuti ya serikali ilipowawezesha kukagua kama wamesajiliwa katika vyama, wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yalimiminika kwa Kamishna, aliyekuwa kazini kwa miezi michache tu. Walicholalamikia watu ni kilekile: jina na namba viliandikwa mahali pamoja kwa sababu moja, vikatumika pengine kwa sababu nyingine.

Orodha ya wadaiwa wa kodi nayo inapimwa kwa kipimo hichohicho. Ajenti ana haki ya kudai, na namba anayo. Ujumbe kwa mdaiwa mwenyewe unatimiza haja hiyo kikamilifu. Watu 70 wengine wanaousoma hawaongezi malipo yoyote isipokuwa aibu, na aibu si sababu ambayo sheria inaitambua. Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho na kupiga simu za kudai. Siku hizo hizo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ajenti anayebandika madeni mbele ya ploti nzima anatumia silaha ileile ya apu za mikopo, ingawa kwa kiwango kidogo.

Kujua namba ilitokea wapi

Namba ikishavuja, swali la kwanza ni chanzo, na chanzo kinaweza kutafutwa kwa utaratibu. Soma mgeni amekuita nani. Akitumia jina lako la M-Pesa, hilo halithibitishi chochote, kwani mtu yeyote mwenye namba anaweza kulipata. Akitumia jina uliloweka kwenye WhatsApp, au akataja D4, basi amepita mahali ambapo jina hilo au mlango huo ulikuwa pamoja na namba.

Kisha waulize majirani. Ujumbe uleule ukiwa umewafikia watu wasio na kanisa, chama wala kazi moja, na kinachowaunganisha ni jengo tu, chanzo ni jengo. Baada ya hapo mpigie mmoja wa waliohama. Akiwa naye ameupata, orodha iliyovuja ni ya grupu, kwa sababu daftari la kodi la ajenti lilimfuta siku aliyotoka. Akiwa hakuupata, litazame daftari.

Hatua inayofuata ni kuandika. Mwandikie aliyekutumia ujumbe, kwa heshima na kwa maandishi, umuulize namba yako aliipata kwa nani na ataitumia kwa nini, kisha umtake aifute. Sheria inakupa haki ya kujua matumizi ya data yako, ya kuyapinga, na ya kutaka data iliyoshikwa isivyo halali ifutwe. Mwandikie pia ajenti. Piga skrinshoti za kila kitu kabla hujamzuia mtu au kutoka kwenye grupu, na hakikisha tarehe na namba ya mtumaji zinaonekana. Skrinshoti ya orodha ya wanachama inayomwonyesha mgeni akiwa ndani, na mstari unaosema nani alimwongeza, ni ushahidi wenye nguvu kuliko maelezo marefu.

Majibu yasipotosheleza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, wala huhitaji wakili. Sheria inaitaka ofisi hiyo iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Inaweza kuamuru data ifutwe, na aliyedhurika anaweza kudai fidia.

Kuijenga grupu upya

Yote hayo ni tiba ya baadaye. Kinga iko katika namna grupu inavyojengwa, na ploti ya milango 48 inaweza kujengwa upya kwa jioni moja.

Kwanza ni kutenganisha matangazo na mazungumzo. Maji, stima, taka na ukarabati ni habari zinazotoka kwa mmoja kwenda kwa wengi, na haziwahitaji wapokeaji waonane. Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp imekuwa na `Communities`, ambamo sehemu ya matangazo huwaficha wanachama namba za wenzao. Maadmini pekee ndio wanaoziona zote, pamoja na mtu ambaye tayari amekuhifadhi kwenye simu yake. Ipo pia njia ya `Channels`, iliyoanza 2023, ambamo hata admini haoni namba za wafuasi, na wafuasi hawaoni yake. Upungufu wake ni kwamba mpangaji hawezi kujibu humo, kwa hivyo keateka hupigiwa au huandikiwa pembeni. Kwa ploti ambayo tatizo lake kubwa ni matangazo tu, hiyo ndiyo njia salama zaidi.

Tahadhari moja kuhusu `Communities`: ulinzi ni wa sehemu ya matangazo tu. Mpangaji akijiunga na grupu ndogo iliyo ndani yake, humo namba yake inaonekana na wote kama katika grupu yoyote ya kawaida. Jambo hilo lielezwe kabla mtu hajajiunga.

Pili ni grupu za hiari za ghorofa. Majirani wanahitajiana. Mtoto akiugua usiku au mwizi akipanda ngazi, namba ya mtu wa mlango wa pili ina thamani kuliko ya mtu yeyote. Lakini anayehitaji kuwa nayo ni jirani wa ghorofa hiyo, aliyekubali kubadilishana. Milango minane inayojuana ni duara ambalo kila mtu anaweza kulikagua kwa macho. Na pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, sheria haimzuii keateka kumpa dereva wa ambulensi namba ya familia ya mgonjwa. Kulinda uhai ni msingi unaojitosheleza.

Tatu ni usafi wa mlango. Katika grupu zinazobaki, admini azime ruhusa ya wanachama kuongeza wengine, awashe `Approve new members`, na alete linki mpya kwa `Reset link` kila ya zamani inapokuwa imebandikwa mahali pa wazi. Maadmini wawe wawili, na anayehama avuliwe cheo na kutolewa siku anayorudisha funguo. Fundi hana haja ya kuwa ndani. Keateka anayo namba yake, na hiyo inatosha.

Nne ni maneno ya siku ya kwanza. Mpangaji anapotoa namba, aambiwe kwa ujumbe wa faragha unaobaki kwenye simu za wote wawili. Unaweza kuwa hivi:

“Karibu kwenye ploti. Namba yako tutaitumia kukupa habari za maji, stima, kodi na ukarabati. Anayeiona ni keateka na ajenti pekee. Hatutampa mtu mwingine bila kukuuliza. Kuna grupu ya hiari ya ghorofa yako, na ukijiunga majirani wako saba wataiona. Ungependa kujiunga? Ukikataa utaendelea kupata matangazo yote. Ukihama tutaifuta.”

Ujumbe huo unataja sababu, unamtaja anayeona, unatenganisha lililo lazima na lililo hiari, na unamwachia mpangaji jibu. Akijibu ndiyo, ajenti ana uthibitisho ambao Kifungu cha 32 kinaudai.

Mpangaji naye ana ufunguo wake. Kwenye simu, afungue `Settings`, kisha `Privacy`, kisha `Groups`, na achague `My contacts`. Kuanzia hapo asiyehifadhiwa kwenye simu yake hawezi kumtumbukiza kwenye grupu. Atalazimika kumtumia mwaliko, ambao hufa baada ya siku tatu usipokubaliwa.

Yasiyorudi nyuma

Hakuna mpangilio unaofuta kilichokwisha kuonekana. Ukitoka kwenye grupu, tangu Agosti 2022 ni maadmini pekee wanaoarifiwa, lakini jina lako hubaki katika orodha ya waliotoka kwa siku 60, na namba hubaki kwenye simu ya kila aliyeihifadhi. Grupu mpya iliyopangwa vizuri haiifuti ile ya zamani iliyokaa miaka mitano na linki ukutani. Na katika sehemu ya matangazo yenye namba zilizofichwa, admini bado anaziona zote. Uwezo wa kuvujisha haujaondoka. Umetolewa mikononi mwa watu 71 ukawekwa mikononi mwa wawili, na kwa hao wawili sasa kuna jina la kuuliza na sheria ya kuwauliza kwayo.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Namba inapovuja katika grupu ya watu 71, kila mmoja anaweza kumnyooshea mwenzake kidole, na mpangaji aliyedhurika hana pa kushika. Inapokuwa mikononi mwa keateka na ajenti pekee, wajibu una mwenyewe. Kampeni za 2027 zitakapofika kwenye mageti ya Umoja, Kayole na Donholm, vijana wenye kofia za vyama wataomba kuongezwa tu, wasalimie watu. Keateka aliyeandikia kila mpangaji ujumbe wa siku ya kwanza atakuwa na jibu la kuwapa, nalo ni kweli tupu: namba hizi ni za maji na kodi, na wenyewe hawajaniruhusu.